Ukiusoma ujumbe kwa sauti na usisikie kasoro

*"Mwalimu, salaam aleikum. Nasimamia nyumba ya familia huku Tudor, wapangaji 14, na matangazo yote huandika mimi kwenye kundi letu la simu. Kakangu aliniandikia tangazo la maji likawa kama barua ya mahakama. Nikaliandika upya hivi: 'Wapangaji wapendwa. Mnafahamishwa kwamba pampu ya kisima imepata hitilafu. Ugavi wa maji utafanyika saa 2 kila siku. Muda ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 asubuhi. Kila mpangaji anaombwa kuchota maji ya kutosha katika muda huo uliotajwa. Utaratibu huu utaendelea mpaka matengenezo yatakapokuwa yamekamilika. Asanteni kwa ushirikiano.' Dadangu asema bado ni gumu, kama mtu aliyekunja uso. Nimeambiwa nilisome kwa sauti. Nimelisoma mara tano na sisikii kasoro yoyote. Nakosea wapi? (Ukweli wenyewe ni kuwa pampu inapata moto, fundi amesema isiwashwe zaidi ya masaa mawili mpaka kifaa kipya kije. Na ghorofa ya juu yuko bibi mgonjwa, huwa namwekea mtungi.)"*

Aleikum salaam, dada yangu. Masikio yako hayana ubaya. Kilichokuponza ni sauti uliyoitumia. Sote tuliopita shule tuna sauti mbili: ya kusemea na ya kusomea. Hii ya pili tulifunzwa tukiwa wadogo, tumesimama mbele ya darasa na kitabu mkononi, na hata leo mtu akishika maandishi inajitokeza yenyewe. Hupanda na kushuka kwa mpango wake, hutua kwenye kila nukta, na huyabeba maneno yoyote utakayoipa. Ukimpa mtu tangazo gumu alisome kwa sauti hiyo, litasikika sawasawa kabisa, kwa sababu sauti hiyo iliumbwa kwa ajili ya matangazo magumu. Kwa hiyo ulisoma mara tano, lakini mara zote tano ulipima kwa mizani ile ile iliyopinda.

Kuna na jambo la pili. Wewe unajua unachotaka kusema. Pale maneno yanapokwama, ulimi wako unayasaidia bila wewe kujua: unakaza hapa, unapumua pale, unaharakisha penye urefu. Mpangaji wako hana msaada huo. Yeye ana herufi tu kwenye kioo cha simu, amesimama kituoni akingoja matatu.

Nimesoma matangazo ya vifo na ya watoto waliopotea redioni hapa Mombasa kwa miaka mingi, na jambo la kwanza nililofundishwa halikuwa kusoma. Niliambiwa niifunike karatasi kisha nimweleze mwenzangu tangazo linasema nini. Nikishamweleza, ndipo naifunua na kuona ni wapi karatasi inasema kwa namna ambayo mimi sikusema. Ningekuomba nawe uanzie hapo. Weka simu chini. Jione umesimama mlangoni kwa mpangaji mmoja unayemjua vizuri, yeye ana kanga kiunoni na chungu kiko jikoni, hana muda mwingi. Mwambie habari ya maji. Washa kinasa sauti cha simu kabla hujaanza, kisha useme mara moja tu, usirudie, usipambe.

Sikiliza ulichosema. Nina hakika hukumwambia "mnafahamishwa kwamba". Pengine ulisema, "Mama, hii pampu yetu inapata moto, fundi kasema isiwashwe sana, basi maji kesho ni asubuhi tu." Hiyo ndiyo rula yako. Sasa soma tangazo lako lililoandikwa, nalo ulirekodi, kwa mwendo huo huo wa mlangoni na kwa maneno yaliyopo bila kubadilisha hata moja. Kisha weka simu mezani usikilize rekodi zote mbili bila kutazama maandishi. Macho yakiwepo yatakudanganya, maana yanajua sentensi inaishia wapi kabla sikio halijafika.

Unaposikiliza, tafuta mambo manne. Mahali ulipoishiwa pumzi. Mahali ulimi ulipokwama au ulipolazimika kurudia. Mahali mdomo ulipobadilisha neno wenyewe: umeandika "hadi", ukasoma "mpaka". Na mahali sauti ilipogeuka kutoka ya jirani ikawa ya karani. Kati ya haya naliheshimu zaidi hilo la tatu. Neno ambalo mdomo umelikataa bila kuulizwa, libadilishe papo hapo, usibishane nao.

Ngoja nieleze kwa nini ulimi unakwama, kwa sababu ukilijua hili hutahitaji orodha ya maneno mabaya. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kila neno lenye uzito wake linapata pigo moja tu, liwe fupi au refu. Chukua kipande chako cha mwisho: "mpaka matengenezo yatakapokuwa yamekamilika." Hesabu kwa vidole. Kina silabi 20, na mapigo ni manne: kwenye "pa" ya mpaka, "ne" ya matengenezo, "ku" ya yatakapokuwa, na "li" ya yamekamilika. Kutoka "ne" hadi "ku" kuna silabi tano zisizo na pigo. Kutoka "ku" hadi "li" kuna tano nyingine. Ni kama kupanda ngazi iliyong'olewa vidato vya kati: mguu unaning'inia unatafuta pa kukanyaga. Sasa sema "mpaka kifaa kije". Silabi 8, mapigo matatu, na kati ya pigo na pigo hakuna zaidi ya silabi mbili. Msikilizaji anakanyaga kila anapotaka kukanyaga.

Sikwambii uogope maneno marefu. Kiswahili bila maneno marefu hakuna, na "nitawaambia" ni refu lakini hakuna anayekwama nalo, kwa sababu tunalisema kila siku na linasimama peke yake. Tatizo ni marefu mawili au matatu yakifuatana, hasa yale yanayozaliwa pale kitendo kinapogeuzwa kuwa jina. Maji hutoka. Ukisema "ugavi wa maji utafanyika", umeyanyang'anya maji kitendo chao ukampa mtu anayeitwa Ugavi, kisha ukalazimika kumtafutia kitendo kingine hafifu, "utafanyika", ili asimame. Kwa hiyo maneno yameongezeka na habari imebaki ile ile. Sema "maji yatatoka" uone pumzi ngapi zimebaki.

Watu wa Mji wa Kale wanaotunga mashairi wanalijua hili kwa mwili. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, umekatwa katikati, 8 na 8, na pale katikati mwimbaji anavuta pumzi. Sisemi ujumbe wa maji uwe shairi. Ila masikio ya pwani yamezoea kupewa maneno kwa vipande vya kiasi hicho, na kipande kikifika silabi 20 bila pa kutua, msikilizaji ameanza kufikiria mambo mengine.

Sasa nikurekebishe mahali nadhani ulipotelea, maana wengi wanapotelea hapo. Ulipoliandika upya tangazo la kakako, dawa uliyotumia ni nukta. Ulikata. Ukahesabu kuwa sentensi fupi ndiyo sentensi ya kusemwa. Lakini sikiliza rekodi yako ya pili: kila penye nukta sauti inaanguka hadi chini kisha inaanza tena juu. Mara saba. Ni kama gari kwenye barabara ya matuta, huwezi kushika mwendo. Mtu anayezungumza haangushi sauti hadi chini kila baada ya maneno machache. Anaiacha ikining'inia kwenye "basi", kwenye "maana", kwenye "na", ili ujue habari haijaisha, kisha anaishusha pale jambo lenyewe linapotua. Ulichokata wewe ni vile viungo vidogo ambavyo sikio linavitegemea, na ukaacha ndani maneno mazito yale yale ya kakako. Ndiyo maana dadako anaona uso uliokunjwa: mtu anayetoa sentensi fupi zisizoshikana, kila moja ikiishia chini, ndivyo anavyozungumza mtu aliyekasirika.

Ujumbe ulioandikwa upya una ugonjwa mwingine wa kwake, nao ni viraka. "Katika muda huo uliotajwa" kilikuwa kipande cha barua ya kakako, nadhani, kilichokuwa kikielekeza kwenye sentensi ndefu iliyokwishaondoka. Sentensi ile imekwenda, kiraka kimebaki. Ukisoma sentensi moja moja hutakisikia, kwa sababu kila moja peke yake inajitosheleza. Visikie kwa kusoma maungio: soma maneno matatu ya mwisho ya sentensi moja pamoja na sentensi yote inayofuata, bila kutua. Mahali penye mshono patasikika kama redio inayohama stesheni.

Na kuna kosa moja katika ujumbe wako ambalo si la mwendo tu, na jaribio la sauti ndilo linalolikamata haraka. "Ugavi wa maji utafanyika saa 2 kila siku." Mpe mtu ambaye hajauona aisome kwa sauti. Atasema "saa mbili", na mwenye kusikia ataelewa maji yanafunguliwa saa mbili, wakati wewe ulikusudia yatatoka kwa muda wa masaa mawili. Mpangaji wako mmoja atateremka na ndoo saa mbili asubuhi, dakika ile unayozima pampu. Walimu wa sarufi watakwambia wingi wa saa ni saa, na katika mtihani uwasikilize. Lakini watu wanaposema "masaa mawili" wanatenganisha urefu wa muda na saa ya ukutani, na tofauti hiyo mpangaji wako anaihitaji. Mimi ningeandika "masaa" bila wasiwasi. Au bora zaidi, ningeuondoa muda wenyewe: ukishasema saa 12 mpaka saa 2, kila mtu anajua ni masaa mangapi.

Na hizo saa ziandike kama zinavyotamkwa. Wako watakaokushauri uandike 6.00 mpaka 8.00 ili ionekane rasmi. Anayesoma hapo atalazimika kugeuza kichwani kabla ya kutamka, na wapo watakaotamka saa sita. Kitu chochote kwenye ujumbe ambacho jicho linaona kimoja na mdomo unasema kingine ni jiwe njiani.

Basi tuujaribu pamoja. Kwanza niliuandika hivi: "Hamjambo majirani. Pampu yetu inapata moto na fundi amesema tusiiwashe zaidi ya masaa mawili kwa siku, kwa hiyo kuanzia kesho maji yatatoka asubuhi tu, saa 12 mpaka saa 2." Nikausoma kwa sauti, nikakwama mara mbili. Kwenye "tusiiwashe" zile i mbili zilinifanya nirudie. Na baada ya "masaa mawili kwa siku" pumzi ilikuwa imekwisha, na habari yenyewe, saa 12, bado haijafika. Nilikuwa nimeutaja muda mara mbili na kuuweka ule usio na kazi mbele. Nikabadilisha nikapata hivi:

*"Hamjambo majirani. Pampu yetu ya kisima inapata moto, na fundi amesema isiwashwe muda mrefu. Basi kuanzia kesho maji yatatoka asubuhi tu, saa 12 mpaka saa 2. Tafadhalini mchote ya siku nzima, maana baada ya hapo sitaweza kuwasha tena. Mwenye mgonjwa au mtoto mchanga aniambie, nitamwekea mtungi. Kifaa kipya kikifika nitawaambia hapa hapa. Mtuwie radhi."*

Angalia mambo machache. "Isiwashwe" ni kauli ya kutendwa, ile ile ya "mnafahamishwa" na "anaombwa", lakini haikwami mdomoni. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kusema yupo: fundi amesema. Katika "mnafahamishwa" aliyesema amejificha, na sikio la jirani linajua anayejificha nyuma ya kitenzi ni ofisi. Wewe si ofisi. Wanakuona kila siku ukipanda ngazi na mtungi. Kwa hiyo ukiambiwa uiepuke kauli hiyo kila mahali, usifuate. Uliza tu kama aliyesema anajulikana.

Angalia pia kuwa sentensi hazilingani. Ya pili ni ndefu, ya mwisho ni maneno mawili. Sikupanga hivyo kwa urembo. Penye sababu mtu huongea kwa kuunga, penye jambo la kufanya hutua. Na sauti inashuka mahali muhimu: baada ya "saa 2", na baada ya "kuwasha tena". Ukiusoma ukaisikia sauti yako ikishuka penye neno lisilo na maana kwa mpangaji, kama "ushirikiano", ujue umempa pumziko la bure.

Lile la mgonjwa umeliandika mwenyewe mwishoni mwa swali lako, ndani ya mabano, na kwenye tangazo halimo. Hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Ukisema mlangoni linatoka lenyewe, kwa sababu uso wa mtu unakukumbusha. Ukiandika, linaachwa nje kwa kuwa halina sura ya tangazo. Usimtaje bibi mwenyewe kwenye kundi la watu 14, hiyo ni siri ya nyumba yake, lakini mlango wa msaada uache wazi kwa wote.

Najua utaniuliza kuhusu adabu, maana wazee wamo kwenye kundi na hutaki waone umewasemesha kama watoto. Kusema kama mtu anavyosema si kuingiza Sheng wala si kuondoa heshima. Mlangoni kwa mzee wa miaka 70 hutumii "mnafahamishwa", na wala humkosei heshima. Unamwamkia, unasema "tafadhali", unamwomba radhi kwa usumbufu. Heshima ya pwani inakaa kwenye salamu, kwenye "tafadhalini" na "mtuwie radhi", na kwenye kueleza sababu kabla ya kuagiza. Haikai kwenye urefu wa vitenzi. Ukitaka kuongeza heshima, ongeza hapo.

Ila kuna upande wa kujihadhari. Ukisoma kwa sauti sana na kufuata mdomo kila unapokwenda, maandishi yatanona. Mdomo unapenda kurudia: "yaani", "si unajua", "hivyo ndivyo ilivyo". Mlangoni hayo yana kazi, yanampa msikilizaji muda wa kufikiri. Kwenye maandishi anaweza kurudi nyuma mwenyewe, kwa hiyo yatoe. Na mdomo wa mtu wa Mvita utakupeleka kwenye "maji yaja" na "waweza kuchota", maneno matamu, lakini kama una wapangaji waliotoka bara, baki na yale ambayo wote wanayasema. Chukua mwendo wa mlangoni, maneno yapime mara ya pili.

Wengine watakwambia basi tuma sauti yako tu, kwa nini uandike. Si wazo baya, na kwa wazee wasiopenda kusoma herufi ndogo ni rehema. Lakini aliye kazini hawezi kuiweka sikioni mbele ya bosi, na saa ya maji ni kitu ambacho mtu atataka kukitazama tena usiku kabla ya kuweka kengele. Andika, kisha ukitaka ongeza sauti yako ukisoma maandishi hayo hayo. Ukiona unatamani kubadilisha neno wakati unarekodi, sitisha, libadilishe kwanza kwenye maandishi.

Jaribio hili lina mipaka, na lazima niiseme. Halitakwambia kama saa ulizoandika ni sahihi, wala kama fundi atakuja kweli. Linapima mwendo na, mara chache kama ile "saa 2", linafichua utata. Pia halifai kwa kila maandishi. Ukitaka kumpandishia mtu kodi au kumpa notisi ya kuhama, usiugeuze ujumbe huo kuwa mazungumzo ya mlangoni: notisi ina masharti yake ya kisheria na muda wake, na ukiilainisha kwa sauti ya jirani inaweza kukosa nguvu unayoihitaji. Hiyo mpelekee wakili aitazame. Na kama ukisoma kwa sauti unaona herufi zinachezacheza au unaruka mistari hata katika maandishi mepesi, kamuone mtaalamu wa macho kabla ya kulaumu tangazo, na mpaka hapo mpe mtu mwingine akusomee.

Kwa kweli mtu mwingine ndiye jaribio bora kuliko yote, hata kwa mwenye macho mazuri. Mchague asiyeuona ujumbe kabla, mpe simu, mwambie asome kwa sauti bila kujiandaa. Wewe nyamaza. Kishawishi cha kumsaidia ni kikubwa, nakwambia, hasa anapokwama kwenye neno ulilolipenda. Nyamaza utazame macho yake: yakirudi nyuma kwenye mstari, hapo pana mwiba. Akianza sentensi kwa sauti moja akagundua katikati kuwa alikosea mwelekeo, hapo umeweka sababu mahali pa jambo. Akimaliza, usimuulize kama ni nzuri, atasema nzuri kwa heshima yako. Muulize, "Basi kesho utafanya nini?" Akijibu "nitachota saa kumi na mbili", tuma. Akisema "maji ni saa mbili, sivyo?", rudi mezani.

Tena huna haja ya kumtafuta mbali. Kesho utakapompandishia bibi mtungi wake, beba simu, msomee ujumbe huu kabla hujautuma, kwa sauti ile ile unayomsemesha kila asubuhi. Ukifika penye "nitamwekea mtungi" na yeye akaitikia "ahsante mwanangu" kabla hujamaliza, acha kusoma, bonyeza utume.